Tabia ya Nchi na Ada ya Watu

Mabibi na mabwana, asalaam aleikum, na asanteni kwa kuja jioni hii.

Leo nitazungumzia vitabu vya watu wa kale, jinsi walivyoeleza kwa nini watu wanatofautiana: kwa hali ya nchi au kwa desturi. Nianze na mifupa. Mwaka 525 kabla ya Kristo jeshi la Waajemi chini ya mfalme Kambise lilikutana na jeshi la Misri mahali paitwapo Pelusio, mashariki ya delta ya mto Nile. Wamisri walishindwa. Miongo mingi baadaye alipita hapo mwandishi wa Kigiriki, Herodoto, akakuta mifupa ya waliouawa ingali imetapakaa, ya Waajemi upande wake na ya Wamisri upande wake. Wenyeji wakamwonyesha ajabu moja. Fuvu la Mwajemi, anasema, ukilirushia kijiwe kidogo tu linatoboka. Fuvu la Mmisri utalipondaponda kwa jiwe kubwa na huenda lisivunjike.

Sasa ngojeni kwanza. Mtu akisimuliwa hayo leo, pengine atarukia kusema Wamisri ni watu wa damu nyingine, wameumbwa vigumu. Wenyeji wa Pelusio walimpa Herodoto sababu nyingine kabisa, naye akaridhika nayo. Wamisri, walimwambia, hunyoa vichwa tangu utotoni, na mfupa ukipigwa na jua huwa mgumu. Waajemi toka wadogo hukaa kivulini na kuvaa kofia za sufi nzito, kwa hiyo mafuvu yao hubaki laini. Habari imekwisha. Tofauti ya mafuvu ni tofauti ya kinyozi na kofia.

Nisieleweke vibaya, jua haligandishi fuvu namna hiyo. Lakini tazameni maelezo yenyewe yalivyokaa. Ukimchukua mtoto wa Kiajemi ukamnyoa na kumwacha achezee juani, atakua na fuvu la Kimisri. Kitu kilichomtofautisha na mwenzake kinaweza kuvuliwa kama kofia. Nimesoma vitabu hivi miaka mingi, na swali ninalokiuliza kila kimoja ni hilo moja tu: mtu huyu akihama, au akiacha desturi yake, itakuwaje? Ukiambiwa atabadilika, uko katika ulimwengu wa watu wa kale. Ukiambiwa hatabadilika hata apelekwe wapi, yeye na wajukuu wake, umeingia katika ulimwengu wa mbari, na huo ulijengwa baadaye sana.

Katika zama zilezile za Herodoto, kiasi cha karne ya 5 kabla ya Kristo, daktari mmoja wa Kigiriki aliandika kitabu kidogo juu ya hewa, maji na mahali. Kimehifadhiwa pamoja na maandiko ya Hipokrati, ila jina la mwandishi mwenyewe halijulikani kwa hakika. Kiliandikwa kwa ajili ya kazi. Daktari wa siku hizo alikuwa akihamahama kutafuta wagonjwa, na kitabu kinamwambia: ukifika mji usioujua, kabla hujamshika mtu mkono, tazama mji unaelekea upepo gani, jua linauchomozea wapi, maji yake ni ya chemchemi au ya kinamasi, na watu wake wanakula na kunywa nini. Ukishajua hayo, maradhi yao utayajua kabla hawajakueleza. Kisha anatoka kwenye miji na kuyapima mataifa mazima kwa kipimo hichohicho.

Humo mna kabila moja analoliita Vichwa Virefu. Kwao kichwa kirefu kilikuwa dalili ya uungwana. Mtoto akizaliwa tu, fuvu lingali laini, walilifinyanga kwa mikono na kulifunga vitambaa hadi lirefuke. Akina mama waliomo humu hawahitaji kuelezwa, wapo bado wanaokanda vichwa vya wachanga ili viwe vya duara. Daktari yule anasema hapo mwanzo ilikuwa mila tupu, kazi ya mikono. Lakini miaka ilivyopita, mila ikageuka maumbile, watoto wakaanza kuzaliwa na vichwa virefu bila ya kufungwa. Sababu yake, anasema, ni kwamba mbegu ya uzazi hutoka katika kila kiungo cha mwili. Mwenye upara huzaa wenye upara, mwenye makengeza huzaa wenye makengeza, basi kwa nini mwenye kichwa kirefu asizae mwenye kichwa kirefu?

Hapa sote tunaweza kumjibu bila kusoma biolojia. Sisi watu wa pwani tumetahiri watoto wa kiume kizazi baada ya kizazi, na hadi leo hajazaliwa anayempunguzia ngariba kazi. Alama iliyotiwa mwilini hairithiwi. Ila usimwache daktari hapo, kwa kuwa sentensi inayofuata ndiyo yenye utamu. Siku hizi, anasema, vichwa vyao si virefu tena kama zamani, maana wamechanganyika na watu wengine na ile mila imelegea. Ametoka kutuambia kuwa jambo limekwisha kuwa maumbile, na papo hapo anakiri kuwa maumbile yenyewe yanafifia pindi watu wanapoacha desturi. Kwa Kigiriki alikuwa na maneno mawili, moja la maumbile na moja la mila, na katikati yao aliacha mlango wazi, watu wakipita huku na huku.

Jambo la pili katika kitabu hicho ni zito zaidi. Anauliza kwa nini watu wa Asia, yaani nchi za mashariki ya Ugiriki hadi Uajemi, hawapendi vita kama watu wa Ulaya. Jibu la kwanza ni majira. Kwao joto na baridi havipishani sana, kwa hiyo akili haishtuliwi na mwili haupati misukosuko ya kuufanya mkali. Angeweza kuishia hapo. Anaongeza jibu la pili: wengi wao wanatawaliwa na wafalme. Mtu akipigana na kufa, faida ni ya bwana wake, na yeye sehemu yake ni kifo na mkewe kubaki mjane. Nani atajitia ushujaa kwa malipo hayo? Halafu anatoa ushahidi kama mwanasheria: hukohuko Asia, chini ya jua lilelile, wale wanaojitawala wenyewe, wawe Wagiriki au wasiwe Wagiriki, ndio wapiganaji wakali kuliko wote. Ameshikilia hali ya hewa isibadilike, amebadilisha utawala, na watu wamebadilika. Maneno yale "wawe Wagiriki au wasiwe" ndiyo yananifanya nimheshimu.

Warumi nitawapitia mbio, maana wengi wao walinakili. Mmoja nitamtaja kwa ajili ya kicheko. Vitruvio, msanifu wa majengo wa zama za Kaisari Augusto, alikuwa akieleza jinsi nyumba zinavyopaswa kujengwa kulingana na nchi, akajikuta anaeleza watu. Kaskazini kuna unyevu, anasema, kwa hiyo watu ni warefu, weupe, wana damu nyingi, sauti zao nzito. Kusini jua hufyonza unyevu, watu ni wafupi zaidi, weusi, nywele za kipilipili, sauti nyembamba, akili kali. Wa kaskazini ni hodari na wazito wa fikra, wa kusini ni werevu na waoga. Na katikati, penye uwiano mzuri kupita kote duniani, pana nchi gani? Italia, bila shaka. Ndiyo maana, asema, mbingu ziliuweka mji wa Roma pale ili utawale ulimwengu.

Karne tatu kabla yake Aristoteli, mwanafalsafa wa Kigiriki, alikuwa ametoa hoja ileile, isipokuwa katikati palikuwa Ugiriki. Karne kumi na nne baada ya Vitruvio tutamsikia mwandishi wa Kiarabu, Ibnu Khaldun, na katikati patakuwa Shamu na Iraki. Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake. Hii ni dosari moja kubwa ya elimu nzima hii, na ni rahisi kuitambua: katika vitabu vyote nilivyovisoma, bado sijakutana na mwandishi aliyesema nchi yake ina hali ya hewa mbaya na kwa hiyo watu wake ni wapumbavu.

Dosari nyingine iliwashtua watu wa kale wenyewe. Strabo, mwanajiografia wa wakati uleule wa Augusto, alikuwa akijadili wanaosema jua ndilo linalowachoma watu wakawa weusi. Kuna mahali anakumbusha kitu ambacho mkunga yeyote anakijua: mtoto aliye tumboni hajaguswa na jua, naye anazaliwa na rangi ya wazazi wake. Kumbe basi jua haliwezi kuwa jibu lote, kuna kitu kinapita katika mbegu. Strabo huyuhuyu, mahali pengine, anakataa kabisa kuelezea elimu na lugha kwa hali ya hewa. Waathene wanapenda ufasaha, Waspata hawaupendi, Wathebe wala, nao Wathebe ni majirani zao wa karibu. Kama ni hewa, wanavuta hewa moja. Wababeli na Wamisri pia, asema, hawakuwa wanafalsafa kwa maumbile bali kwa mazoezi na mazoea.

Sasa tuvuke kwenda kwa waandishi wa Kiarabu, ambao walirithi vitabu vya Wagiriki kwa tafsiri na wakaviongezea mambo yao. Ibnu Khaldun alizaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Kairo mwaka 1406. Mwaka 1377, akiwa amejitenga katika ngome moja huko Aljeria ya leo, aliandika utangulizi wa historia yake, ule uitwao Mukadima. Dunia ya watu ameigawa mikanda saba kuanzia ikweta kwenda kaskazini, kama walivyofanya Wagiriki. Wa kwanza na wa pili ni ya joto kali, wa sita na wa saba ni ya baridi kali, na wa nne ndio ulio sawasawa.

Zama zake palikuwa na hadithi iliyoenea, kwamba watu weusi ni weusi kwa sababu Nabii Nuhu alimlaani mwanawe Hamu. Ninyi mnaijua, ilitumika kuhalalisha utumwa kwa karne nyingi, na wengine wetu tulifundishwa darasani kama historia. Ibnu Khaldun anaishika na kuivunja. Hao wanaosema hivyo, asema, ni wataalamu wa nasaba wasiojua tabia za viumbe. Taurati inataja laana ya Nuhu, ila rangi haimo. Hadithi hiyo ni kughafilika na kazi ya joto na baridi. Katika mikanda ya kusini jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka. (Hata hapa Unguja tunaliona hilo, mwezi wa Machi na tena Oktoba, mlingoti saa sita mchana hauna kivuli.) Joto linakaa muda mrefu, ngozi inakuwa nyeusi. Kaskazini jua liko chini, baridi inatawala, ngozi inakuwa nyeupe, macho ya buluu. Kisha analeta kile kipimo chetu cha kuhama, anakileta waziwazi: watu weusi wakihamia mkanda wa nne au wa saba, vizazi vyao huelekea weupe kidogokidogo kadiri muda unavyokwenda, na watu wa kaskazini wakihamia kusini, vizazi vyao huwa vyeusi. Rangi, anahitimisha, hufuata mchanganyiko wa hewa.

Ukurasa wa mbele anamshika mwingine. Al-Masudi, msafiri aliyewahi kufika pwani yetu hii mwaka 916, alikuwa ameandika kuwa watu weusi wana wepesi na furaha nyingi kwa sababu ya udhaifu wa bongo zao, akinukuu hayo kwa Galeni, daktari wa Kigiriki, na al-Kindi, mwanafalsafa wa Kiarabu. Ibnu Khaldun anasema hilo halina hoja wala ushahidi. Sababu ni joto, hupanua roho ya uhai mwilini. Nendeni hamamu, anasema, mkamtazame mtu aliyekaa ndani ya mvuke wa moto: huchangamka, na mara nyingi huanza kuimba. Watu wa pwani nao, kwa kuwa bahari inawarudishia joto la jua, ni wachangamfu kuliko watu wa milimani. Wamisri wa Kairo hawaweki akiba hata ya mwezi, chakula wananunua sokoni siku kwa siku. Watu wa Fez huko Moroko, waliozungukwa na vilima vya baridi, wanatembea wameinama kwa huzuni, na mtu wao huweka ngano ya miaka kadhaa, kisha bado anaamkia sokoni kununua chakula cha leo, asije akaipunguza ile ya ghalani. Anachekesha, na unaona alishapanga nyumba Fez.

Mahali pengine katika kitabu hicho ameandika kwamba mtu ni mtoto wa ada zake na alivyozoea, si mtoto wa tabia yake na mchanganyiko wa damu yake. Kwa Kiarabu neno alilotumia kwa maumbile ni tabia, lilelile letu. Lakini kwetu sisi neno hilo lilipovuka bahari liligeuka. Tukisema mtoto ana tabia mbaya, tunamaanisha mwenendo, kitu anachofundishwa na anachoweza kuacha. Maana ya zamani imebaki mahali pamoja tu, tuliposema tabia ya nchi, tukalifupisha likawa tabianchi. Ada nayo imebaki, ingawa siku hizi ukilitaja neno hilo mzazi anashika mfuko, anadhani unadai ya shule.

Lakini sitawauzia mbuzi ndani ya gunia. Ibnu Khaldun huyu aliyeifuta laana ya Hamu aliandika pia kuwa watu wa mkanda wa kwanza wanakaribia wanyama, wanaishi mapangoni, wanakulana, na kwamba hukubali utumwa kwa wepesi. Aristoteli kutokana na hewa alifika kwenye kutawala na kutawaliwa. Kuelezea watu kwa hali ya hewa hakukumzuia mtu kuwadharau, kulimpa tu sababu nyingine ya dharau. Mwanahistoria Benjamin Isaac, katika kitabu alichokitoa mwaka 2004, ameshikilia kuwa hapo ndipo ilipo mizizi ya ubaguzi: ukisema hewa humfanya mtu mtumwa, kisha ukaongeza kuwa alichofanywa nacho hukirithisha watoto, kama yule daktari na vichwa virefu, umebakiza hatua moja. Nakubaliana naye kuhusu hatua hiyo. Naona tu kwamba wengi hawakuipiga, kwa kuwa bado waliamini mtu akihama atabadilika. Aliyeipiga alipaswa kwanza kukana hilo.

Nimemwacha mmoja makusudi, ingawa ni wa kabla ya Ibnu Khaldun kwa karne tano. Al-Jahidh wa Basra, aliyefariki kiasi cha mwaka 869, mcheshi, msomi, na yasemekana babu yake alikuwa mtu mweusi. Aliandika risala ya kuwasifu watu weusi mbele ya weupe. Humo anaeleza nchi ya Hara huko Arabuni, jangwa la mawe meusi ya volkano, wanakoishi Banu Sulaimu. Kila kitu pale ni cheusi, anasema: watu, paa, mbuni, mbweha, punda, ndege, hata wadudu. Banu Sulaimu walichukua watumwa wa Kirumi, na haikupita vizazi vitatu Hara ikawapa rangi ya Banu Sulaimu. Kwa hiyo weusi si adhabu wala kuumbuliwa, ni kazi ya nchi. Na kama huamini, asema, mtazame chawa. Kichwani mwa kijana ni mweusi, penye mvi ni mweupe, penye hina ni mwekundu.

Ila zaidi ya chawa kuna hoja moja ambayo wengine wote waliisahau. Anawapa Wazinji, yaani watu wa mwambao huu wetu, nafasi ya kujibu. Mnasema hatuna akili, wanawaambia Waarabu, nanyi hamjapata kumwona Mzinji wa kweli. Mlioona ni mateka wa pwani za Kanbalu, watu wetu wa chini na watumwa wetu. Kanbalu ni pale tu mnapotia nanga majahazi yenu. Watu wa Lanjuya bado hamjawaona, si wa pwani wala wa bara. Lanjuya hiyo wataalamu wengi huisoma kuwa ni Unguja, na Kanbalu wengi huielekeza Pemba, upande wa Mkumbuu. Al-Jahidh amewawekea Wazinji mdomoni kwamba watu wa Kanbalu hawana uzuri wala akili, jambo ambalo Wapemba waliomo ukumbini humu, nawaona pale nyuma wameshaanza kunyanyua mikono, wana haki ya kulijibu. Haya, kipaza sauti mpelekeeni mama yule wa kilemba cha kijani.